Mhadhara uliougeuza mazungumzo haukai kichwani: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi ambaye kazi ya kwanza ameshaifanya. Amechukua mhadhara, ameuandika kama mazungumzo ya watu wawili, amerekodi na mwenzake kwa simu, na sasa anausikiliza kwenye daladala au akiwa anafua. Ila kuna kitu hakiendi sawa. Dalili zimepangwa kuanzia zile zinazolalamikiwa zaidi. Chini ya kila dalili, anza na kisababishi cha kwanza, maana mara nyingi huhitaji kufika cha pili.

Nitatumia mhadhara mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: upungufu wa maji mwilini kwa mtoto anayeharisha, kama unavyofundishwa kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu kufuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Una jedwali, una namba zinazofanana, una masharti ya umri na una "isipokuwa", yaani kila kitu kinachoharibu maandishi ya kusikiliza. Sauti zetu mbili ni Mgeni, mwanafunzi aliyeingia wodini kwa mara ya kwanza, na Zamu, muuguzi aliye kwenye zamu.

Dalili: Unasikiliza mpaka mwisho, unaelewa kila kitu, kesho yake huna kitu

Kisababishi kikubwa ni sauti ya pili kuwa mwitikiaji tu. Kipimo ni chepesi: funika mistari ya Zamu kwa karatasi, usome ya Mgeni peke yake. Ukikuta "Aa, sawa", "Kumbe!", "Na ule mkali je?", basi hujaandika mazungumzo. Umeukata mhadhara vipandevipande na kumweka mtu wa kupiga makofi katikati.

Hiki ndicho kipande kibovu cha kawaida:

> Zamu: Upungufu wa wastani una dalili zifuatazo: mtoto anahangaika, macho yamezama, anakunywa kwa pupa, na ngozi ikifinywa inarudi polepole.
> Mgeni: Aa, nimeelewa. Kwa hiyo dalili ni nne.
> Zamu: Ndiyo, na mbili zinatosha.

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna kazi pia. Marekebisho si kumwongezea Mgeni maneno. Mpe mtoto wa kumpima, naye Zamu auzuie mdomo wake.

> Mgeni: Sista, huyu hatulii, analialia tu. Nikimsogezea kikombe anakidaka.
> Zamu: Macho?
> Mgeni: Yamezama. Na nikifinya ngozi ya tumbo inarudi, ila polepole.
> Zamu: Haya, utamweka kundi gani?
> (kimya, sekunde 5)
> Mgeni: Upungufu wa wastani. Dalili mbili zingetosha, mimi nimepata nne.

Dalili ni zilezile nne, lakini sasa mwenye kupanga kundi ni msikilizaji, ndani ya kile kimya. Funika tena mistari ya Zamu: ya Mgeni inabeba somo lenyewe.

Kisababishi cha pili ni kimya kukosekana. Swali limeulizwa vizuri, jibu likadondoka papo hapo, msikilizaji hakupata nafasi ya kujaribu. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma maandishi kisha wakayarudia kuyasoma, na wale waliosoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja ikawa kinyume. Ndiyo maana rekodi isiyo na kimya inakudanganya: ukiisikiliza usiku wa leo unajiona umeiva.

Sekunde 4 au 5 zinatosha kukumbuka neno au kundi. Hesabu ndogo inahitaji 10 hadi 15. Mpigie rekodi mtu wa darasa lako umtazame mdomo. Kama jibu kwenye rekodi linafika kabla midomo yake haijaanza kujongea, ongeza kimya. Wanaorekodi huogopa kimya, hukiona kirefu mno kwa sababu wao wanalijua jibu. Hesabu sekunde kwa vidole na uache aibu.

Kisababishi cha tatu, nacho si cha mara kwa mara, ni maswali ya ndiyo au hapana. "Je, macho yaliyozama ni dalili?" halimlazimishi mtu kukumbuka chochote. Uliza "Utatazama nini usoni?"

Dalili: Namba zinachanganyika

Hapa ndipo mazungumzo mengi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kisababishi cha kwanza ni jedwali kusomwa kwa sauti. Kwenye ukuta wa wodi, jedwali la Mpango C, wa upungufu mkali, linasomeka kwa mtazamo mmoja. Mtoto wa chini ya miezi 12 hupewa kwa dripu mililita 30 kwa kila kilo katika saa 1, kisha 70 kwa kila kilo katika saa 5. Wa mwaka mmoja na zaidi hupewa 30 katika nusu saa, kisha 70 katika saa mbili na nusu. Macho yanaweza kurudi nyuma, kulinganisha safu na safu. Sikio haliwezi. Ukilisoma jedwali hilo kwenye rekodi, msikilizaji amemwagiwa namba nane ndani ya nusu dakika na hakuna hata moja iliyokaa.

Jipime: sikiliza dakika moja yoyote, uhesabu namba mpya zilizotajwa. Zikizidi tatu, umesoma jedwali.

Marekebisho ni kutafuta kanuni iliyozalisha jedwali, kisha kumfanya Mgeni aigundue. Itazame hii kwa utulivu. Jumla ni ileile kwa watoto wote, mililita 100 kwa kila kilo. Kinachobadilika ni muda wote: saa 6 kwa aliye chini ya mwaka, saa 3 kwa mkubwa wake. Na fungu la kwanza, lile la 30, huchukua moja ya sita ya muda huo kwa wote wawili: saa 1 katika 6, nusu saa katika 3. Namba za kushika sasa ni mia, thelathini, sita na tatu. Zilizobaki msikilizaji anazikokotoa mwenyewe.

> Zamu: Miezi 8, kilo 8, amelegea, hawezi kunywa. Tumempanga Mpango C. Jumla yake?
> (kimya, sekunde 10)
> Mgeni: Mia kwa kilo. Mililita 800.
> Zamu: Kwa muda gani?
> (kimya, sekunde 5)
> Mgeni: Hajafika mwaka, kwa hiyo muda wote ni saa sita.
> Zamu: Fungu la kwanza?
> (kimya, sekunde 15)
> Mgeni: Thelathini mara nane, mililita 240, ndani ya saa moja. Zinazobaki, 560, kwa muda wa saa tano.

Baada ya hapo mlete mtoto wa pili, miezi 14, kilo 10, na safari hii Zamu asiulize hatua kwa hatua. Aseme tu "Panga" na akae kimya. Mgeni atajibu: jumla mililita 1,000, yaani 300 katika nusu saa, 700 katika saa mbili na nusu. Mtoto wa pili bila msaada ndiye anayeonyesha kama kanuni imeshikwa. Ukiishia na mmoja, unampima msikilizaji kwa mfano alioupata sekunde chache zilizopita.

Kisababishi cha pili ni namba zinazolingana kimatamshi. Mpango B, wa upungufu wa wastani, ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo, katika saa 4 za kwanza. Fungu la pili la Mpango C ni 70. "Sabini" na "sabini na tano" zikikaa ndani ya rekodi moja bila kukutanishwa, zitabadilishana viti kichwani. Zitenge kwenye rekodi mbili tofauti, au uzigonganishe makusudi. Mimi napenda kuzigonganisha: Mgeni aseme "sabini", Zamu amdake hapo hapo, "Sabini ya kinywa au ya dripu?", na Mgeni ajisahihishe kwamba ya kinywa ni sabini na tano. Mtoto wa kilo 10 atakunywa mililita 750.

Hapo hapo kuna mtego wa saa zetu. Kwenye karatasi "saa 4" haina shida. Ukimsikia mtu akisema "apewe saa nne", unaweza kuelewa muda wa kwenye ukuta. Katika maandishi ya kusikiliza sema kila mara "kwa muda wa saa nne" au "ndani ya saa nne".

Cha tatu, kwa nadra, ni kilo za mtoto kubadilika katikati ya mfano kwa sababu mwandishi alirudi kesho yake akaendelea kwa mtoto mwingine. Andika umri na uzito juu ya kila kipande, upitie kwa macho kabla ya kurekodi.

*Simama hapa:* rekodi hii ni ya kujiandaa na mtihani. Ukiwa mbele ya mgonjwa, tumia chati ya wodi na umwite msimamizi wako. Usikokotoe dripu ya mtoto kwa kukumbuka sauti ya rafiki yako.

Dalili: Kanuni unaikumbuka, "isipokuwa" umeisahau

Mara nyingi sharti limewekwa mwishoni mwa sentensi, baada ya msikilizaji kuridhika. "Mpe kwa Mpango C, isipokuwa kama ana utapiamlo mkali" inasikika kama kanuni yenye mkia. Kwenye karatasi mkia unaonekana, sikioni unakatika.

Geuza mpangilio. Mgeni aanze kutenda, Zamu amzuie mkono.

> Mgeni: Kilo 6, amelegea, ngozi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili. Naandaa dripu ya Mpango C.
> Zamu: Ngoja. Mtazame mikono na mbavu kwanza. Unaona nini?
> (kimya, sekunde 5)
> Mgeni: Amekonda sana. Ana utapiamlo mkali. Mpango C haumhusu, ana utaratibu wake.

Kama mhadhiri aliufundisha utaratibu huo wa utapiamlo, uandikie rekodi yake. Usiuchomeke hapa kwa sentensi mbili ili tu uonekane umemaliza somo.

Dalili: Mazungumzo yamekuwa marefu kuliko mhadhara

Kwanza angalia kama uliandika kwa kufuata rekodi ya darasani sentensi kwa sentensi. Mhadhiri hurudia, huchekesha, huitwa nje, hujibu simu. Ukifuata mwendo wake utabeba vyote, halafu uongeze "karibu", "asante" na "haya tuendelee" za kwako.

Funga daftari. Andika maswali ambayo mhadhara unayajibu. Huu wetu una matatu: mtoto ana upungufu wa kiasi gani, apewe nini kwa muda gani, na lini apimwe upya ili abadilishiwe mpango. Kila swali ni rekodi yake. La tatu ni fupi, halifiki dakika tano, na usilivute. Aliye kwenye Mpango B hupimwa upya baada ya saa 4. Wa Mpango C huangaliwa kila dakika 15 hadi 30 mpaka mpigo wa mkononi uwe na nguvu, kisha hupangwa upya muda wake wote ukiisha, saa 6 au 3. Unaona zile namba mbili zimerudi? Hapo ndipo rekodi ya tatu inajishikiza kwa ya pili.

Kujua urefu kabla ya kurekodi, soma ukurasa mmoja kwa sauti na saa mkononi, pamoja na vimya vyote. Mimi huona rekodi ya dakika 10 hadi 12 inatosha. Kinachozidi hapo hukatwa na kondakta.

Dalili: Kwenye rekodi unajua, kwenye karatasi ya mtihani unakwama

Hili ni letu sisi tunaofundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza halafu tunaelezana kwa Kiswahili. Kisababishi kikuu ni kwamba istilahi ya mtihani haikutamkwa popote. Mmeelewana vizuri kuhusu mtoto aliyelegea, lakini swali litakuja na jina rasmi la hali hiyo.

Usirudishe mazungumzo yote kwenye Kiingereza, yatakufa. Acha maelezo kwa Kiswahili, ila kila kundi na kila dalili itajwe kwa jina lake la mtihani na Mgeni, kwenye mstari wa jibu, baada ya kimya. Akilitaja Zamu kwenye swali, msikilizaji amepewa bure kitu ambacho mtihani utamdai.

Kisababishi kingine ni kusikiliza bila kuandika kabisa. Mara moja kwa wiki, isikilize ukiwa mezani, usimamishe kwenye kila kimya na uandike jibu.

Dalili: Mazungumzo yanasema jambo ambalo darasani halikusemwa

Hii ndiyo hatari kuliko zote ingawa hailalamikiwi sana, kwa sababu mwenye kosa hajui kama analo.

Mara nyingi chanzo ni pengo la notisi lililojazwa kwa kukisia. Notisi zimeandikwa "zinki, siku 10 hadi 14", kiwango hakipo, na mazungumzo yanahitaji kiwango ili yaendelee. Mwandishi anaweka miligramu 20 kwa watoto wote. Kwa mwongozo wa mhadhara wetu, wa miezi 6 na zaidi ni sawa, chini ya hapo ni miligramu 10. Rekodi inasikika kwa uhakika uleule pande zote mbili, hakuna kinachokwaruza.

Chanzo cha pili ni notisi za waliotangulia. Mchanganyiko wa ORS ulibadilishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Jumla ya ukolezi ilishuka kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita. Ukikuta 311 kwenye daftari ulilorithi, usiishie kuirekebisha hiyo moja. Daftari zima ni la kutilia shaka.

Chanzo cha tatu ni kosa la makusudi lililoachwa wazi. Ni vizuri Mgeni akosee, lakini asahihishwe ndani ya mstari unaofuata, na jibu sahihi litamkwe zima na Mgeni mwenyewe. "Hapana" ya Zamu peke yake haitoshi. Kosa likitamkwa kwa ufasaha na sahihisho likatamkwa nusu, sikio hushika lile fasaha.

Njia ya kukagua: kabla ya kurekodi, pigia mstari kila namba na kila "lazima", andika pembeni ilikotoka. Ni slaidi ya ngapi, au ukurasa gani wa mwongozo. Isiyo na chimbuko inafutwa, hata kama unaiamini.

*Simama, nenda kwa mhadhiri* kama slaidi na mwongozo vinapingana, kama namba isiyo na chimbuko ni ya dawa, au kama wewe na mwenzako mmeelewa tofauti. Msipige kura. Na kama mhadhara ulikuwa na kisa cha mgonjwa wa kweli, usirekodi jina, kijiji wala tarehe yake. Hata kuirekodi sauti ya mhadhiri kunahitaji ruhusa yake, na ruhusa ya kurekodi si ruhusa ya kusambaza kwenye grupu.

Dalili: Maandishi ni mazuri, sauti ndiyo mbovu

Ukivaa spika moja ya masikioni unamsikia Mgeni tu: kila sauti imekaa upande wake. Mmoja anapiga kelele, mwingine ananong'ona: simu ilikuwa karibu na mmoja. Yote mawili hupungua kwa amri hii kwenye kompyuta yenye ffmpeg:

```
ffmpeg -i rekodi.wav -ac 1 -af loudnorm -ar 44100 -b:a 64k rekodi.mp3
```

`-ac 1` inaunganisha pande mbili kuwa moja, na `loudnorm` inasawazisha ukubwa wa sauti. Kama tofauti ya sauti zenu ni kubwa mno, rekodini upya simu ikiwa katikati.

Mwangwi hauondolewi kirahisi na amri yoyote. Hamieni chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa, mbali na feni.

Kama huwezi kuzitofautisha sauti zenu, msiigize. Badilishaneni na mtu mwenye sauti tofauti, au Mgeni amwite Zamu "Sista" kila anapoanza swali jipya.

Na ukiona faili ya rekodi ya darasani haifunguki kabisa, acha kuijaribu kwenye programu tano za simu. Usiihifadhi upya, usiifute kadi. Nakili ilivyo, umpelekee fundi wa kompyuta wa chuo, na kwa sasa andika kwa kutumia notisi za watu wawili waliokaa darasani siku hiyo.